Bidhaa Zilizoungua: Dai la Bima, na Faida au Hasara Baada ya Kulipwa

Bidhaa zikiteketea kwa moto, haziwezi tena kuhesabiwa. Mwenye duka aliyezoea kufunga hesabu kila tarehe 31 Desemba kwa kupita rafu moja baada ya nyingine hujikuta katikati ya mwaka akitakiwa kuthibitisha thamani ya mali ambayo haipo. Thamani hiyo hutafutwa kwa njia ya kuzunguka, kupitia manunuzi, mauzo na kiwango cha faida alichokuwa akipata. Ikishapatikana hupitishwa kwenye masharti ya hati ya bima, na mara nyingi hupungua kabla haijawa fedha benki. Tofauti kati ya thamani ya vitabuni ya mali iliyopotea na fidia iliyolipwa ndiyo faida au hasara ya malipo ya bima.

Ziko basi tarakimu tatu zinazopaswa kutenganishwa tangu mwanzo. Ya kwanza ni thamani ya bidhaa zote zilizokuwamo dukani moto ulipoanza. Ya pili ni hasara, yaani ile sehemu ya thamani hiyo ambayo moto, moshi na maji ya kuzimia vimeiondoa. Ya tatu ni fidia, yaani kile ambacho kampuni ya bima inawajibika kulipa kwa mujibu wa mkataba. Mwenye duka huwa na tarakimu ya kwanza akilini anapoingia ofisi ya bima, ilhali anayoandikiwa hundi ni ya tatu. Umbali kati ya hizo mbili unaweza kuelezwa hatua kwa hatua, na sehemu kubwa ya umbali huo huwa imekwishaamuliwa siku hati ya bima ilipoandikwa.

Kuijua thamani ya bidhaa usiku wa moto

Hoja ya msingi ni nyepesi. Bidhaa za mwanzo wa mwaka, zikijumlishwa na manunuzi hadi siku ya moto, zikitolewa gharama ya bidhaa zilizouzwa, hubakisha bidhaa zilizopaswa kuwamo dukani. Bidhaa za mwanzo zinajulikana kutoka mizania ya mwaka uliopita. Manunuzi yanajulikana kutoka ankara. Kisichojulikana ni gharama ya bidhaa zilizouzwa, kwa sababu vitabu vinaonyesha mauzo kwa bei ya kuuzia, wala si kwa bei ya kununulia. Daraja kati ya bei hizo mbili ni kiwango cha faida ghafi. Anayejua kwamba kila shilingi 100 ya mauzo ina shilingi 20 za faida ghafi anajua pia kwamba bidhaa zilizotoka zilimgharimu shilingi 80.

Hesabu hii huandaliwa kwenye akaunti ya biashara ya kumbukumbu, ambayo ni karatasi ya kukokotolea tu na haiingii kwenye leja. Ugumu wake hauko kwenye kujumlisha na kutoa. Uko kwenye kusafisha tarakimu kabla ya kuziingiza, na hilo huonekana vizuri katika mfano wenye namba.

Lichukuliwe duka la jumla la vitenge na khanga katika mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, lililoungua usiku wa tarehe 18 Agosti. Duka, tarehe na tarakimu ni za mfano, na fedha zote ni shilingi za Tanzania. Mwaka uliotangulia duka lilianza na bidhaa za milioni 48, likanunua za milioni 242, likauza kwa milioni 282.5, na kufunga mwaka na bidhaa za milioni 62. Kuanzia Januari mosi hadi usiku wa moto vitabu vinaonyesha manunuzi ya milioni 171 na mauzo ya milioni 196.7.

Mtu mwenye haraka angechukua tarakimu hizo zilivyo. Gharama ya mauzo ya mwaka uliopita ingekuwa milioni 228, faida ghafi milioni 54.5, na kiwango cha faida asilimia 19.3. Akitumia kiwango hicho kwa mwaka huu, angepata kwamba duka lilikuwa na bidhaa za takriban milioni 74.2. Hesabu hiyo haina kosa la kujumlisha, lakini jibu lake si sahihi, kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza imo ndani ya ile milioni 62 ya kufungia mwaka. Miongoni mwa bidhaa hizo kulikuwa na vitenge vya mitindo iliyopitwa na wakati, vilivyonunuliwa kwa milioni 5, ambavyo mhasibu alivishusha hadi milioni 3 kwa kuwa visingeweza kuuzwa kwa zaidi ya hapo. Alifanya vyema, maana kanuni ya IAS 2 inataka bidhaa zionyeshwe kwa gharama yake au kwa kiasi kinachotarajiwa kupatikana zikiuzwa, kilicho kidogo kati ya viwili. Lakini ile milioni 2 iliyoshushwa iliongeza gharama ya mauzo ya mwaka uliopita na kukifanya kiwango cha faida kionekane kidogo kuliko hali halisi ya biashara ya kawaida. Bidhaa za kufungia zikirudishwa kwenye bei yake ya kununulia, yaani milioni 64, gharama ya mauzo inakuwa milioni 226, na faida ghafi asilimia 20 kamili. Mwaka huu nusu ya vitenge hivyo iliuzwa kwa milioni 1.7, bei isiyo na uhusiano na faida ya kawaida ya duka. Mauzo hayo huondolewa kwenye hesabu, na nusu iliyobaki hubebwa pembeni kwa thamani yake ya milioni 1.5.

Sababu ya pili ni mzigo wa milioni 6 uliokwishaandikwa kwenye daftari la manunuzi ilhali usiku wa moto ulikuwa bado bandarini. Ni mali ya mwenye duka, lakini haikuwa dukani na haikuungua. Kinyume chake hutokea pia: bidhaa zilizopokelewa na kupangwa kwenye rafu kabla ankara haijafika huwa zimeungua bila kuonekana vitabuni. Mkadiriaji hasara, yule mtaalamu anayetumwa na kampuni ya bima, hupitia hati za kupokelea mizigo za wiki chache kabla ya moto kwa ajili hii hasa. Bidhaa za watu wengine zilizohifadhiwa dukani nazo hutengwa, isipokuwa hati ya bima iwe imezitaja.

Sababu ya tatu ni bidhaa za milioni 2 ambazo mwenye duka alizichukua kwa ajili ya harusi ya familia bila kuandika popote. Hazikuuzwa, kwa hiyo hazimo kwenye mauzo, wala hazikuungua. Zisipotolewa kwenye manunuzi, kampuni ya bima itakuwa inaombwa kulipia nguo ambazo wageni walishazivaa. Zawadi kwa wateja, sampuli na wizi wa kawaida wa dukani huingia kundi hilohilo.

Baada ya usafi huo, akaunti ya kumbukumbu inasomeka hivi, kwa mamilioni ya shilingi:

Bidhaa za kawaida tarehe 1 Januari (64 − 5): 59
Manunuzi yaliyosahihishwa (171 − 6 − 2): 163
Jumla ya bidhaa zilizokuwapo kwa kuuza: 222
Gharama ya bidhaa zilizouzwa (asilimia 80 ya 195): 156
Bidhaa za kawaida usiku wa moto: 66
Vitenge vya zamani vilivyobaki: 1.5
Thamani ya bidhaa zote usiku wa moto: 67.5

Jibu sahihi ni milioni 67.5, pungufu ya lile la haraka kwa karibu milioni 7.

Liko kosa jingine linalostahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu hutoka kwenye vinywa vya wafanyabiashara wenyewe. Mwenye duka akiulizwa faida yake husema anaweka asilimia 25, naye anasema kweli: kitenge alichonunua kwa shilingi 8,000 hukiuza 10,000, na shilingi 2,000 ni robo ya alichotoa. Lakini hesabu ya dai huanzia kwenye mauzo, na hizo 2,000 ni asilimia 20 ya shilingi 10,000. Karani akiichukua ile asilimia 25 na kuitoa kwenye mauzo ya milioni 195, gharama ya mauzo itashuka hadi milioni 146.25 na bidhaa za dukani zitapanda hadi milioni 77.25 bila mtu yeyote kudanganya. Kosa hili peke yake limetosha kuliongeza dai kwa karibu milioni 10.

Kuna kipimo chepesi cha kugundua makosa ya aina hiyo, nacho ni kuuliza bidhaa zilizokokotolewa zingetosha mauzo ya siku ngapi. Mwaka uliopita duka lilitoa bidhaa za gharama ya milioni 226 kwa siku 365, yaani karibu shilingi 619,000 kwa siku, na bidhaa za kufungia mwaka za milioni 64 zilitosha siku 103. Mwaka huu, bidhaa za kawaida za milioni 66 zingetosha siku 97 kwa kasi ya mauzo ya siku 230 zilizopita. Tarakimu hizo mbili zinakaribiana. Jibu lililotokana na asilimia 25 lingemaanisha bidhaa za siku 119, na mkadiriaji hasara angeuliza mara moja kwa nini duka lilijaza mzigo kiasi hicho mwezi Agosti. Swali hilo linaweza kuwa na jibu zuri, kwa mfano kontena lililofika juzi. Lisipokuwa na jibu, kuna kitu kimekosewa.

Njia hii ina mipaka yake. Inadhani kwamba faida ya mwaka uliopita imeendelea mwaka huu. Duka lililopunguza bei kwa miezi mitatu ili kushindana na jirani, au lililonunua dola kwa bei ya juu zaidi bila kupandisha bei ya kuuzia, limeuza bidhaa nyingi zaidi kwa kila shilingi ya mauzo, na kutumia kiwango cha zamani kutaonyesha bidhaa ambazo hazikuwapo. Vivyo hivyo duka lenye makundi mawili ya bidhaa, moja la faida ya asilimia 10 na jingine la asilimia 40, haliwezi kuhesabiwa kwa wastani mmoja ikiwa mwaka huu kundi moja limeuzwa kuliko kawaida. Hapo kila kundi hupewa akaunti yake ya kumbukumbu. Ni kazi ndefu, lakini wastani mmoja hapo hautoi jibu la kuaminika.

Pia vitabu vyenyewe vinaweza kuwa majivu. Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua tarehe 10 Julai 2021, moto ulitokea usiku, saa ambayo daftari la mfanyabiashara hulala palepale bidhaa zilipo. Hesabu ikitakiwa kujengwa upya hutafutwa nje ya duka: mauzo kutoka kumbukumbu za mashine za EFD zilizokwishafika Mamlaka ya Mapato, malipo kutoka taarifa za benki na za simu, manunuzi kutoka nakala za ankara walizobaki nazo wauzaji, na mizigo ya nje kutoka hati za forodha. Tatizo hujitokeza kwa mtu ambaye mauzo yake mengi hayakutolewa risiti. Mauzo yakiwa madogo kwenye kumbukumbu, bidhaa zilizobaki huonekana nyingi kuliko zilivyokuwa, na kampuni ya bima ikigundua hivyo huacha kuziamini tarakimu zote.

Kutoka hasara hadi fidia

Si kila kilichokuwamo dukani kiliangamia. Katika mfano huu, majora na robota za gharama ya milioni 9 zilitolewa nje zikiwa nzima. Nyingine za gharama ya milioni 3.5 zilipatikana zikiwa zimelowa na kunuka moshi, na mkadiriaji hasara akakubaliana na mwenye duka kwamba zinaweza kuuzwa kwa milioni 1.5. Zilizobaki, za milioni 55, ziliteketea kabisa. Hasara basi ni milioni 55 jumlisha milioni 2 za thamani iliyopungua kwenye mabaki, yaani milioni 57. Mwenye duka anabaki na mabaki yake. Kampuni ya bima ingeweza pia kuyachukua na kuyauza yenyewe, na hapo hasara ingekokotolewa bila kuyatoa.

Kilichoibwa na watu wakati wa purukushani ya kuzima moto kinahitaji kutazamwa peke yake. Hati za kawaida za bima ya moto huwa haziulipi wizi unaotokea wakati wa moto au baada yake, kwa hiyo bidhaa ambazo mashahidi waliziona zikibebwa haziwezi kuhesabiwa miongoni mwa zilizoungua.

Sasa linakuja sharti linaloamua zaidi kuliko yote, sharti la uwiano. Mwenye duka alikata bima ya milioni 54, kiasi alichokiona kinatosha miaka kadhaa iliyopita, ilhali usiku wa moto bidhaa zilikuwa za milioni 67.5. Ukigawa 54 kwa 67.5 unapata asilimia 80. Kwa mujibu wa sharti la uwiano, aliyekatia bima asilimia 80 ya mali yake amekubali kubeba mwenyewe asilimia 20 ya kila hasara, hata ikiwa ndogo. Fidia kwa hiyo ni asilimia 80 ya milioni 57, yaani milioni 45.6.

Wenye maduka wengi hulipokea jambo hili kwa mshangao na uchungu, kwa sababu waliamini kwamba bima ya milioni 54 italipa hasara yoyote hadi milioni 54. Lakini ada ya bima hukokotolewa kwa asilimia ya kiasi kilichoandikwa kwenye hati. Moto mwingi hauteketezi duka zima, na kama sharti hili lisingekuwapo, mwenye bidhaa za milioni 67.5 angeweza kukatia milioni 20 tu na kulipwa kikamilifu karibu kila ajali ndogo, huku jirani yake aliyekatia thamani yote akigharamia tofauti hiyo. Sharti ni la haki. Kisicho cha haki ni wakala kumwandikia mtu hati bila kumweleza sharti hilo kwa lugha anayoielewa.

Uwiano hupimwa dhidi ya bidhaa zote zilizokuwamo, pamoja na zile milioni 9 zilizookolewa. Hapo ndipo hujitokeza jambo ambalo wenye tamaa ya kuongeza dai hawalioni. Tuseme mwenye duka angeng'ang'ania ile hesabu ya haraka ya milioni 74.2. Hasara ingepanda hadi milioni 63.7, lakini uwiano nao ungeshuka hadi chini ya asilimia 73, na fidia ingekuwa takriban milioni 46.4. Kuongeza karibu milioni 7 kwenye thamani ya bidhaa kungemletea chini ya milioni 1. Na kama bidhaa zote zingeteketea bila mabaki, kuongeza kusingemletea hata senti, kwa kuwa malipo yangekuwa milioni 54 kwa thamani yoyote iliyozidi hapo. Kwa upande wa pili, dai lililotiwa chumvi kwa makusudi huipa kampuni ya bima haki ya kukataa dai zima, kwa kuwa mkataba wa bima hujengwa juu ya ukweli kamili wa pande zote mbili.

Kuna njia halali ya kuepuka uwiano kwa biashara ambayo mzigo wake hupanda na kushuka. Mfanyabiashara huweza kuomba hati ya kutoa taarifa, ambapo kiasi cha bima huwekwa kwenye kilele cha mzigo unaotarajiwa, kisha kila mwezi huwasilisha thamani ya bidhaa zilizopo, na mwisho wa mwaka ada hurekebishwa kulingana na wastani. Duka la vitenge linalojaza mzigo kabla ya Idi na Krismasi ndilo hasa lililokusudiwa. Sharti lake ni nidhamu: anayetaja thamani ndogo ili kupunguza ada hukutana tena na uwiano, safari hii ukipimwa kwa taarifa aliyoiandika mwenyewe.

Baada ya uwiano hutolewa mchango wa mwenye bima, ambao mawakala huuita ekses. Katika hati ya mfano huu ni asilimia 5 ya kila dai, yaani milioni 2.28. Kinachobaki, na ndicho kinacholipwa, ni milioni 43.32.

Vitabuni: hasara mbili zinazofanana kwa jina

Hatua ya kwanza ya mhasibu ni kuziondoa bidhaa zilizopotea kwenye akaunti ya biashara. Akaunti ya hasara ya moto huandikwa debiti milioni 57, na akaunti ya biashara krediti kiasi hichohicho. Asipofanya hivyo, bidhaa zilizoungua zitahesabiwa kana kwamba zimeuzwa. Katika mfano huu biashara yenyewe hadi usiku wa moto ilipata faida ghafi ya milioni 39.2: milioni 39 kutoka bidhaa za kawaida na shilingi 200,000 kutoka vitenge vya zamani. Bila krediti ya milioni 57 akaunti ingeonyesha hasara ghafi ya milioni 17.8. Anayeisoma angedhani duka linauza chini ya bei ya kununulia, na kiwango cha faida ambacho benki na wakadiriaji wa kesho wangekitegemea kingekuwa kimeharibika. Bidhaa nzima za milioni 9 na mabaki ya milioni 1.5 hubaki kwenye hesabu kama bidhaa zilizopo.

Gharama inayotumika hapo ni ile isiyo na kodi ya ongezeko la thamani kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa na mwenye haki ya kurudishiwa kodi aliyolipa kwenye manunuzi. Kodi hiyo haikuwa sehemu ya gharama yake, kwa hiyo haimo kwenye hasara wala kwenye dai.

Kampuni ya bima ikikubali dai kwa maandishi, akaunti ya kampuni hiyo kama mdaiwa huandikwa debiti milioni 43.32, na akaunti ya hasara ya moto krediti. Salio la milioni 13.68 huhamishiwa akaunti ya faida na hasara. Hiyo ndiyo hasara ya malipo ya bima, na inafaa ielezwe kwa sehemu zake: milioni 11.4 imetokana na bima pungufu na milioni 2.28 na ekses. Maelezo hayo yana faida kubwa kuliko jumla yake, kwa kuwa sehemu ya kwanza ingeweza kuepukwa kwa kuongeza kiasi cha bima, na ya pili ilikubaliwa tangu mwanzo kama kipengele cha mkataba. Fedha zikiingia, benki huandikwa debiti na kampuni ya bima krediti. Kama bidhaa zilikuwa dhamana ya mkopo na benki imetajwa kwenye hati kama mnufaika wa kwanza, hundi huenda benki na mkopo hupungua, lakini hesabu ya hasara haibadiliki hata kidogo.

Wakati mwingine salio huwa upande wa faida, na hapo tafsiri inahitaji uangalifu zaidi. Bima ya moto ni mkataba wa fidia: inakusudia kumrudisha mtu pale alipokuwa kabla ya tukio, si kumtajirisha. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliieleza kanuni hiyo kwa uwazi mwaka 1883 katika shauri la Castellain dhidi ya Preston. Muuzaji wa nyumba alilipwa fidia ya moto, kisha akapokea bei kamili ya nyumba hiyohiyo kutoka kwa mnunuzi. Alitakiwa kuirudishia kampuni ya bima fedha zake. Kwa bidhaa za biashara, kanuni hii humaanisha kwamba fidia hupimwa kwa gharama ya kununua bidhaa nyingine kama zile, siku na mahali pa hasara, na faida ambayo mwenye duka angeipata kwa kuziuza haimo. Faida hiyo inahitaji bima nyingine, ya kukatika kwa biashara.

Gharama ya kununua upya na gharama ya vitabuni zinaweza kutofautiana. Katika mfano huu zimechukuliwa kuwa sawa. Tuseme badala yake kwamba shilingi iliporomoka kati ya ununuzi na moto, hata bidhaa zilizoandikwa vitabuni milioni 57 zikahitaji milioni 63 kununuliwa tena, na kwamba kiasi cha bima kilitosha bei hizo mpya bila ekses. Kampuni italipa milioni 63 na vitabu vitaonyesha faida ya milioni 6. Faida hiyo ni halali kuandikwa, na kwa kuwa fidia ya bidhaa za biashara huhesabiwa kama mapato ya biashara, inaingia kwenye hesabu ya kodi ya mapato. Lakini mwenye duka anayeichukua kama fedha ya matumizi atarudi sokoni na kukuta kwamba hawezi kujaza rafu zake kama zilivyokuwa. Kiasi chote cha milioni 63 kinahitajika kumrudisha alipokuwa. Upande wa pili wa jambo hilohilo ni kwamba bei zinapopanda, uwiano nao hupimwa kwa bei mpya: aliyekatia bima kwa gharama ya vitabuni anaweza kuwa na bima pungufu bila kuongeza hata robota moja.

Linabaki suala la lini kila kimoja kiandikwe. Hasara na fidia ni matukio mawili tofauti, na haziingii vitabuni kwa kigezo kimoja. Hasara huandikwa palepale, katika kipindi ambacho moto umetokea, kwa kuwa bidhaa hazipo tena. Fidia husubiri. Kwa mujibu wa IAS 37, mali ambayo kuwapo kwake kunategemea jambo lisilo mikononi mwa mfanyabiashara haiandikwi kwenye mizania mpaka upatikanaji wake uwe karibu na hakika kabisa. Dai lililowasilishwa tu, ambalo kampuni bado inachunguza chanzo cha moto, halijafikia hapo. Likiwa lina uwezekano mkubwa wa kulipwa, hutajwa kwenye maelezo ya hesabu bila kuingizwa kwenye tarakimu. Barua ya kampuni inayokubali wajibu na kutaja kiasi ndiyo hubadilisha hali.

Kwa hiyo duka lililoungua Agosti na ambalo hadi linafunga hesabu za Desemba dai lake lina utata litaonyesha hasara yote ya milioni 57 mwaka huo, na fidia ya milioni 43.32 kama mapato ya mwaka unaofuata. Mwaka wa kwanza utaonekana mbaya kupita kiasi na wa pili mzuri kupita kiasi, na msomaji wa hesabu hizo hulazimika kuiweka miaka miwili pamoja ili kuona hasara halisi ya milioni 13.68. Hali ni nyingine kama moto umetokea baada ya tarehe ya kufunga mwaka lakini kabla hesabu hazijaidhinishwa. IAS 10 inauhesabu moto wa aina hiyo kuwa tukio lisilobadilisha tarakimu za mwaka uliokwisha, kwa sababu tarehe 31 Desemba bidhaa zilikuwapo na zilikuwa nzima. Bidhaa hizo hubaki kwenye mizania kwa thamani yake, na moto, pamoja na makadirio ya hasara, huelezwa kwenye maelezo ya hesabu. Ukiwa umeiacha biashara isiweze kuendelea kabisa, hesabu za mwaka uliokwisha haziwezi tena kuandaliwa kwa kudhani kwamba duka litaendelea kufunguliwa.